Tunawezaje kuwaelimisha wajawazito? Kwa nini swali hilo linazaa mabango tu

*"Sisi ni kikundi cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii na vijana wa kujitolea, kata moja ya pwani mkoani Lindi. Kina mama wengi huku wanaanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Kwenye semina tulifundishwa kuandika swali la 'Tunawezaje' kabla ya kubuni mradi. Tukaandika: 'Tunawezaje kuwaelimisha wajawazito umuhimu wa kuwahi kliniki?' Tulikaa asubuhi nzima, tukatoka na mabango, vipeperushi, ngoma na mikutano ya hadhara, na vyote hivyo vilishafanyika huku. Mwalimu alisema swali zuri huzaa njia nyingi. Mbona letu limezaa moja?"*

Limezaa moja kwa sababu njia hiyo ilikuwa imo ndani ya swali lenyewe. Mlipoandika "kuwaelimisha" mlikuwa mmeshaamua mambo mawili kabla hata ya kukaa: kwamba mama anachelewa kwa sababu hajui, na kwamba dawa yake ni kumwambia. Kilichobaki asubuhi ile kilikuwa kuchagua chombo cha kumwambia, basi. Mngekaa wiki nzima mngeongeza tisheti na kofia.

Msijilaumu, maana waliowatangulia walinasa hapohapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilikuwa inahangaika na sabuni ya mshindani wake Colgate-Palmolive iliyoitwa Irish Spring, yenye mistari ya kijani na iliyosifiwa kwa kuburudisha mwili. Timu ya Procter ilikuwa inajiuliza itengenezeje mche wa mistari ya kijani ulio bora kuliko ule, na kila mche waliojaribu haukufua dafu. Min Basadur, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, akawauliza mistari yenyewe ni ya nini. Mnunuzi hakuwa anatafuta mistari, alikuwa anatafuta kuburudika. Swali likageuka kuwa "Tunawezaje kutengeneza sabuni yetu inayoburudisha zaidi?", mawazo yakaja kwa mamia, na mwisho wake ikatoka sabuni ya Coast. "Mistari ya kijani" ya kwao ndiyo "kuwaelimisha" ya kwenu.

Sasa hapa wengi hukimbilia kubadilisha kitenzi. Wanafuta "kuwaelimisha" wanaandika "kuwahamasisha", halafu "kuwashawishi", halafu "kuwajengea uwezo", na mawazo yanabaki yaleyale, kwa sababu vitenzi vyote hivyo vinaweka kasoro kichwani mwa mama. Swali zuri halitoki kwenye kuchezea maneno. Linatoka kwenye jambo mlilolikuta kwa watu, jambo ambalo hamkulitarajia. Kama hamna jambo la namna hiyo mkononi, karatasi na kalamu haziwezi kuwasaidia bado.

Takwimu nazo haziwezi kukaa mahali pa jambo hilo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama akutane na mtoa huduma walau mara 8 katika ujauzito, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta kwamba takriban mjamzito mmoja tu kati ya wanne alianza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Namba hizo zinawaambia tatizo ni kubwa na si la kata yenu peke yake. Haziwaambii asubuhi ya siku fulani ni kitu gani kilimfanya mama fulani avae, achukue pochi, halafu aahirishe.

Kwa hiyo rudini kwa kina mama sita mpaka wanane waliojifungua karibuni au walio na mimba kubwa. Hao wanatosha kwa kuanzia. Mkifika hadithi ya sita mtaona mambo yanaanza kujirudia. Aende mwanamke mtu mzima anayeheshimika, asiende na sare wala na daftari kubwa la kutisha. Na jambo muhimu kuliko yote: msiulize "Kwa nini ulichelewa?" Hilo ni swali la kumweka mtu kizimbani, na atawapa jibu analojua mnalitaka, yaani "nilikuwa sijui umuhimu wake". Mkipata jibu hilo mara sita mtarudi kwenye mabango mkiwa na ushahidi. Mwombeni asimulie. Alijuaje ana mimba? Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa nani, na nani alikuwa wa mwisho kujua? Siku aliyokwenda kliniki mara ya kwanza ilikuwaje tangu alipoamka hadi aliporudi? Kabla ya siku hiyo, ilishatokea akajiandaa kwenda akaghairi?

Kwa uzoefu wa kazi hii katika mikoa yetu, hadithi hizo hazifanani na tunachoandika kwenye maandiko ya miradi. Kuna anayeficha mimba changa kwa kuogopa husuda, au kwa sababu hataki kutangaza kitu ambacho bado kinaweza kutoka. Kuna aliyewahi kweli, mimba ya miezi miwili, akaambiwa "bado changa, rudi mwezi wa nne". Kuna anayedhani kazi ya kliniki ni kutazama mkao wa mtoto, hivyo haoni cha kutazamwa wakati tumbo halijatoka. Kuna anayekwenda mara moja tu ili apate kadi, asije akafokewa siku ya kujifungua. Na kuna yule aliyeambiwa aje na mume, mume hayupo, akaelekezwa kwa mwenyekiti wa kijiji akachukue barua.

Nataka tukae na huyu wa mwisho, kwa sababu pwani yenu inamjua vizuri. Nitamtunga ili tufanye mfano, nyinyi mtamweka wa kweli mahali pake. Ana miaka 24, hii ni mimba ya pili. Mumewe ni mvuvi na yuko dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, atarudi baada ya miezi miwili au mitatu. Hedhi ilipomruka alinunua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa, akapima mwenyewe chooni, akamwambia shangazi yake peke yake. Kliniki anaijua, kwa mimba ya kwanza alihudhuria. Anakumbuka pia kwamba mara ile alirudishwa akamlete mwenza apime naye. Safari hii bila mume itabidi aende ofisi ya kijiji, akae kwenye benchi nje pamoja na wenye kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba, kisha amwambie mwenyekiti shida yake. Yaani aitangaze mimba ya miezi miwili mahali pa wazi kuliko pote kijijini, katika majuma yaleyale ambayo mila inamwambia afunge mdomo. Anasubiri mume arudi. Mume anarudi mimba ina miezi mitano.

Mwanamke huyu hana upungufu wa elimu. Amelipia kipimo kwa fedha yake. Bango analipita kila siku na anakubaliana nalo neno kwa neno. Kinachomzuia ni mambo mawili yanayogongana: huduma inataka mimba ijulikane, naye anahitaji isijulikane.

Mkishaona mgongano wa namna hii, uandikeni kwa sentensi moja kabla ya swali lolote. Sentensi iwe na mtu, anachohitaji, na sababu iliyowashangaza. Kwa mfano: "Mama ambaye mumewe yuko dago anahitaji kuanza kliniki bila mimba yake kujulikana mapema, kwa sababu njia pekee ya kuhudumiwa bila mume inapita ofisi ya kijiji mbele za watu." Sentensi hii ndiyo semina nyingi zinairuka, na ndiyo inayozaa. Swali la "Tunawezaje" lenyewe ni jepesi. Ni sentensi hiyohiyo ikishikwa sehemu moja moja na kugeuzwa.

Sasa tuigeuze. Walimu wa ubunifu wa chuo kikuu cha Stanford, pale panapoitwa d.school, wana orodha ya namna za kuigeuza sentensi kama hii, na sioni haja ya kuimaliza yote. Nne au tano zinatosha, mradi kila moja mwipe muda.

Ya kwanza ni kuondoa kibaya. Kibaya hapa ni barua. "Tunawezaje kumhudumia mama aliyekuja peke yake bila kumpitisha ofisi ya kijiji?" Papo hapo mradi umehama. Hauko tena kwa kina mama, uko zahanati na kwenye kamati ya usimamizi ya kituo. Na hapa niseme wazi: mwongozo wa huduma kwa wajawazito unahimiza wenza waje pamoja, wapime VVU pamoja. Kuhimiza ni jambo moja, kumnyima huduma aliyekuja peke yake ni jambo jingine kabisa. Inawezekana mradi wenu mzima ukawa kikao cha saa mbili na mganga mfawidhi na wauguzi wake, bila hata bango moja.

Ya pili, hojini jambo ambalo kila mtu analichukulia kuwa lazima. Hapa linalochukuliwa hivyo ni kwamba msindikizaji ni mume. "Tunawezaje kumpa nafasi msindikizaji ambaye mama amemchagua mwenyewe?" Shangazi ameshaambiwa. Mama mkwe pengine ameshabaini. Bila shaka shangazi hawezi kupimwa VVU kwa niaba ya mume, na hilo lisifichwe. Lakini kumpima mume na kumpokea mama ni shughuli mbili ambazo hakuna anayelazimika kuzifunga pamoja siku ya kwanza.

Ya tatu, pindueni. Tumezoea kumvuta mume aje kliniki. "Tunawezaje kuifikisha kliniki kwa mume aliyeko dago?" Wavuvi wana siku zao za kukaa nchi kavu, hasa mbalamwezi inapowaka na wavuvi wa dagaa hawaendi. Upimaji wa mkoba unaweza kupangwa kwa kalenda ya mwezi badala ya kalenda ya ofisi. Mume akapima huko, akarudi na majibu yake siku atakayorudi, na mama akawa ameshaanza zamani.

Ya nne ndiyo niipendayo: tafuteni nguvu iliyopo ambayo hakuna aliyeihesabu. Jiulizeni nani anajua kuhusu mimba hii kabla ya muuguzi. Katika hadithi yetu ni wawili, shangazi na muuzaji wa duka la dawa. Yule muuzaji ameuza kipimo, na mara nyingi ameulizwa swali moja au mawili pale dirishani. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, sasa yako mpaka vijijini na wauzaji wake wamepewa mafunzo. "Tunawezaje kuufanya ununuzi wa kipimo cha mimba uwe hatua ya kwanza ya kliniki?" Na upande wa pili: "Tunawezaje kumsaidia yule anayeambiwa siri wa kwanza ajue la kufanya?" Kwenu huyo anaweza kuwa kungwi aliyemfunda mama huyu, na hakuna mradi wa afya ninaoujua ambao kungwi hukaribishwa kabla bajeti haijafungwa.

Ya tano, lishikeni neno la sifa. Kwenye sentensi yetu neno zito ni "bila kujulikana". "Tunawezaje kumfanya mtu aingie zahanati bila yeyote kujua amefuata nini?" Hapo mtaanza kutazama vitu ambavyo hamkuvitazama: kwamba siku ya wajawazito ni Jumanne peke yake na kila mtu anajua, kwamba benchi lao liko barazani linatazama barabara, kwamba kadi haiingii kwenye pochi. Zahanati ikichanganya siku hiyo na ya uzazi wa mpango au ya kupima watoto uzito, benchi halisemi tena.

Mtaona maswali hayo yametoka kwenye sentensi moja, lakini miradi yake haifanani hata kidogo. Mmoja ni wa utaratibu wa zahanati, mmoja wa wavuvi, mmoja wa maduka, mmoja wa makungwi, mmoja wa benchi na ratiba. Huko ndiko kuzaa njia nyingi alikokusudia mwalimu wenu.

Je, elimu imetupwa? Hapana. Kumbukeni yule anayedhani kliniki ni kutazama mkao. Huyo kweli kuna kitu hajakijua, ila swali lake nalo linahitaji kuchongwa. "Umuhimu wa kliniki" haujamwambia kitu. Jaribuni: "Tunawezaje kumfanya mama aone kuna kitu cha kufanyiwa kabla tumbo halijatoka?" Maana vitu hivyo vipo na vinatajika: kupimwa wingi wa damu, kaswende, VVU na malaria, kuanza vidonge vya kuongeza damu, kukadiria tarehe ya kujifungua wakati bado anakumbuka hedhi yake ya mwisho, na kujiweka tayari kwa dozi ya SP ya kuzuia malaria mimba ikishavuka miezi mitatu. Hata mabango, mkiyataka, yatakuwa tofauti.

Shida nyingine mtakayokutana nayo ni upana. Mtu mmoja katika kikundi ataandika "Tunawezaje kupunguza vifo vya kina mama?" na mwingine ataandika "Tunawezaje kuchapisha fomu ya mwaliko yenye nafasi ya shangazi?" La kwanza ni pana mno hata Wizara nzima haiwezi kulishika. La pili si swali, ni suluhisho lililovikwa alama ya kuuliza. Msibishane nani yuko sahihi. Swali likiwa jembamba, liulizeni "ili iweje?" nalo litapanda: fomu ya shangazi ili iweje? Ili mama asindikizwe na mtu anayemwamini. Haya, hilo ni swali. Likiwa pana, liulizeni "kinachozuia ni nini?" nalo litashuka: vifo havipungui kwa sababu gani, hapa kwetu? Kina mama wanachelewa kuanza kliniki. Kinachowazuia kuwahi? Barua. Mmefika.

Kipo kipimo rahisi cha kujua swali limekaa sawa. Wapeni watu watatu wasiokuwa kwenye kikundi, mmojawapo asiwe mtu wa afya, dakika 5 waandike mawazo yoyote yanayowajia. Msihesabu mawazo, hesabuni aina zake. Mawazo kumi ya aina moja, kama mabango na vipeperushi na redio, maana yake swali ni jembamba au lina jibu ndani. Wakikaa kimya wanatazamana, au wakiandika maneno ya risala kama "ushirikiano wa wadau wote", swali ni pana. Aina tatu au nne zisizofanana zikitokea kwa dakika hizo, limeiva.

Kikao chenyewe kiendesheni hivi. Kateni karatasi za A4 vipande vinne, kila mtu apate rundo na kalamu nene. Bandikeni ukutani sentensi ile moja. Kwa dakika 15 hakuna kusema; kila mtu anaandika maswali, swali moja kwa kila karatasi, yanayoanza na "Tunawezaje". Kikundi cha watu wanane kinaweza kutoa hamsini bila shida, na thelathini ya kwanza huwa ya kawaida. Ukimya huo una sababu. Mkianza kwa kuongea, swali la kwanza kutamkwa na mwenye cheo litakuwa swali la kikao. Ndiyo maana pia muuguzi au mtendaji akiwepo, asome karatasi zake mwisho. Baada ya hapo bandikeni zote, sogezeni zinazofanana pamoja, kisha kila mtu apige alama tatu kwa wino kwenye maswali anayoona yanaweza kufungua mlango.

Msianze kutoa majibu siku hiyohiyo, hata kama mikono inawasha. Mtu akianza kusema "basi tununue pikipiki", maswali yanakufa. Mwandikieni pikipiki yake kwenye karatasi ya pembeni, mwendelee.

Kwenye kuchagua, kura peke yake hudanganya, kwa sababu watu hupenda swali ambalo tayari wana jibu lake. Mimi hupendelea kikundi kibaki na maswali matatu yanayotofautiana kwa nani mwenye mamlaka: moja ambalo mnaweza kulifanyia kazi wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa kubwa, moja linalohitaji zahanati ikubali, na moja la kupeleka halmashauri. Kwenye mfano wetu yangekuwa duka la dawa, benchi na ratiba, halafu barua. Halmashauri ikichelewa, kama kawaida, bado mna kazi mbili mkononi.

Tulichukue la duka mpaka mwisho mwone linavyogeuka mradi. Swali: "Tunawezaje kuufanya ununuzi wa kipimo cha mimba uwe hatua ya kwanza ya kliniki?" Kwenye kikao cha majibu inaweza kutoka kadi ndogo inayotiwa ndani ya mfuko pamoja na kipimo, yenye siku za kliniki, orodha ya vipimo vya mwanzo, na maneno mafupi kwamba unapokelewa hata ukija peke yako. Simameni hapo kwanza. Maneno hayo ya mwisho ni ya kweli? Kama zahanati bado inarudisha watu, kadi yenu inampeleka mama kwenye aibu mliyoahidi kumwepusha, na hataamini karatasi yenu ya pili. Kwa hiyo mazungumzo na muuguzi yanatangulia kadi. Pili, muuzaji asiandike jina la mtu popote, wala asilipwe kwa kila anayempeleka, maana siku atakayoanza kuhesabu vichwa ndiyo siku siri itaanza kutembea.

Fanyeni jaribio kwa maduka mawili tu, majuma sita, kadi mkiziandika kwa mkono au kutoa fotokopi. Kuona kama kuna tofauti hamhitaji dodoso. Rejesta ya wajawazito ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, pale zahanati inaandika umri wa mimba kwa wiki siku ya hudhurio la kwanza. Mwombeni mganga mfawidhi awapatie idadi, si majina: wangapi walianza kabla ya wiki 12 na wangapi baada, kwa majuma sita yaliyopita na kwa majuma sita ya jaribio. Kata moja ni watu wachache, hivyo namba ikipanda kutoka watatu hadi watano msiite waandishi wa habari. Lakini muuguzi akiwaambia kuna waliokuja na kadi mkononi, au hakuna hata mmoja, mmejifunza jambo kubwa kwa gharama ya fotokopi.

Kuna mambo ambayo njia hii haiyawezi. Haiongezi muuguzi pale alipo mmoja tu. Haiamui kipi kitangulie, kazi hiyo inabaki yenu. Na kuna hadithi ambazo mkizisikia hazipaswi kubandikwa ukutani hata kidogo. Msichana wa miaka 15 mwenye mimba, mama anayepigwa, mama anayeogopa kupimwa kwa sababu anajua atafukuzwa: hawa si malighafi ya kikao. Kabla hamjaenda kuuliza, mjue ni nani ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu na dawati la jinsia na watoto la polisi liko kituo gani, ili mtu akiwafungukia mjue pa kumsindikiza, kwa ridhaa yake na, akiwa mtoto, kwa utaratibu wa kumlinda mtoto. Mkisikia kwa kina mama kadhaa kwamba wanarudishwa bila huduma, hilo nalo msilifanyie ubunifu miezi mitatu. Mpelekeeni mganga mkuu wa wilaya kupitia mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, kwa maandishi, bila kutaja majina ya kina mama. Na mkitaka hadithi mlizokusanya ziwe utafiti wa kuchapisha, ombeni kibali cha maadili kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kabla ya kukusanya, kwani baada ya hapo huwa mmechelewa.

Mtafuteni mwendeshaji wa nje, aje kukaa nanyi siku nzima, iwapo zahanati na wanakijiji hawaelewani kiasi kwamba kila swali linasikika kama shutuma. Mtu wa ndani hawezi kuongoza kikao hicho akabaki na pande zote mbili. Kama uhusiano ni mzuri, hamumhitaji. Mtu wenu anayejua kunyamazisha wenye vyeo kwa adabu anatosha.

Karatasi zitakazobaki baada ya kuchagua msizitupe. Zifungeni kwa mpira, andikeni juu tarehe na ile sentensi moja, mzitunze na mwenyekiti wa kikundi. Mkianza na kina mama wengine, tuseme wale waliorudishwa kwa sababu mimba ilikuwa changa, andikeni sentensi yao mpya kwanza, ndipo mfungue furushi la zamani muone ni maswali gani bado yana kazi.